Robo Kilo Iwe Robo Kilo: Mizani, Mfuko na Lebo kwa Muuzaji wa Nafaka

Katika masoko ya kaunti yetu, wateja wengi hawanunui mchele au maharagwe kwa gunia. Hununua kilo moja, nusu, au robo ya kupika jioni hiyo. Mteja wa namna hii hana mizani nyumbani. Anachojua ni kile alichosoma kwenye mizani ya muuzaji, na baadaye anachokiona kwenye sufuria. Mchele uliokuwa ukitosha watu watano ukianza kutosha wanne, hatakuja kulalamika. Atahamia kibanda cha pili, na majirani zake watamfuata.

Mara nyingi muuzaji aliyempoteza mteja huyo hakukusudia kumpunja. Upungufu ulitoka kwenye mambo madogo mawili ambayo hakuyaangalia, yaani mizani ambayo haikuanzia sifuri na uzito wa mfuko. Makala hii inaeleza jinsi makosa haya yanavyotokea, jinsi muuzaji anavyoweza kuyagundua mwenyewe, na jinsi lebo iliyo wazi inavyokamilisha kazi ambayo mizani imeianza. Tumetumia mfano wa muuzaji wa nafaka, lakini mwenye bucha, mwuza samaki na mwuza viazi wataona mambo yao humu pia.

Gramu 30 zinakwenda wapi?

Tuchukue mfano wa muuzaji mwenye mizani ya kielektroniki inayosoma kwa hatua ya gramu 5, yaani 0, 5, 10, 15 na kuendelea. Anauza mchele kwa shilingi 180 kwa kilo. Asubuhi aliwasha mizani ikiwa safi, ikasoma sifuri. Kufikia saa nne, punje na vumbi la mchele vimejikusanya kwenye sahani, na mizani ikiwa tupu inasoma gramu 15. Hakuitazama. Kila mteja anapokuja, muuzaji anaweka mfuko wa khaki juu ya sahani, anamimina mchele mpaka mizani isome kiasi kilichoombwa, kisha anafunga. Mfuko wenyewe una gramu 15.

Kwa hiyo katika kila upimaji kuna gramu 30 ambazo si mchele. Aliyenunua kilo moja amepata gramu 970. Hilo ni pungufu la asilimia 3, na huenda asilitambue kamwe.

Sasa mtazame aliyenunua robo. Mizani inasoma gramu 250, lakini gramu 30 zilezile zimo ndani yake. Mchele aliopata ni gramu 220. Amelipa shilingi 45, na ukipiga hesabu utaona kwamba amenunua mchele kwa zaidi ya shilingi 204 kwa kilo, ilhali kibao kinasema 180. Pungufu lake ni asilimia 12, mara nne ya lile la mnunuzi wa kilo.

Kosa la mfuko na la sifuri halikui wala halipungui kulingana na kiasi kinachonunuliwa. Ni gramu zilezile kila mara, na ndiyo sababu huwaumiza zaidi wale wanaonunua kidogo. Mteja anayenunua robo kila siku kwa sababu hana pesa za kununua kilo mbili kwa mara moja ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Ndiye pia anayekuja dukani mara nyingi zaidi, kwa hiyo ndiye wa kwanza kuona kwamba chakula hakitoshi.

Kuondoa uzito wa mfuko

Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inamtaka muuzaji kumpa mteja kiasi kamili cha bidhaa anacholipia. Mfuko, karatasi, bakuli au beseni si sehemu ya kiasi hicho. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwaka wa 2017, jambo hili limekuwa na uzito zaidi, kwa kuwa mifuko ya khaki na ya kitambaa ni mizito kuliko ile myembamba ya zamani.

Mizani nyingi za kielektroniki zina kitufe kilichoandikwa TARE au herufi T. Weka mfuko mtupu juu ya sahani, subiri namba itulie, bonyeza kitufe hicho, na mizani itarudi sifuri mfuko ukiwa juu yake. Mchele utakaomimina baada ya hapo ndio utakaosomwa. Ukiondoa mfuko, mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Hiyo ni kawaida, kwani ni uzito wa mfuko uliouondoa. Bonyeza tena ikiwa tupu ili irudi sifuri kabla ya mteja anayefuata. Ukisahau hatua hii ya mwisho na mteja mwingine akaja na kikapu kizito zaidi, hesabu itakosea tena.

Kama mizani yako ni ya mshale au ya mawe, haina kitufe. Njia rahisi ni kupima bidhaa kwenye sahani ya mizani yenyewe, kisha kuimimina kwenye mfuko. Kwa mizani ya mawe unaweza pia kuweka mfuko mtupu wa aina ileile upande wa mawe, ili pande zote mbili zibebe uzito sawa wa mfuko. Kwa nyama na samaki, karatasi ya kufungia iwekwe baada ya kupima.

Nyongeza tunayowapa wateja wetu ni desturi nzuri, lakini haiwezi kuwa fidia ya mizani mbovu. Mizani isome kiasi kamili kwanza, mteja akione, kisha ndipo umwongezee. Akiona kwamba nyongeza imekuja juu ya robo iliyotimia, ataielewa kuwa ni zawadi.

Ukaguzi wa kila asubuhi

Mizani iliyopimwa na afisa wa kaunti na kupigwa muhuri inaweza kuharibika siku inayofuata. Inaweza kuanguka, kuingiwa na maji, au kubebwa vibaya juu ya bodaboda. Muuzaji anahitaji njia yake mwenyewe ya kujua, na njia hiyo haina gharama.

Chukua chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza, ijaze mchanga uliokauka kabisa, ifunge na uizungushie gundi ya karatasi ili isifunguliwe. Siku ileile mizani yako inapopimwa na afisa na kupigwa muhuri, weka chupa hiyo juu yake na uandike kwenye chupa uzito unaosoma, kwa mfano gramu 1,480, pamoja na tarehe. Kuanzia hapo chupa hiyo ni shahidi wako. Haiwezi kutumiwa kumpimia mteja, kwa sababu si jiwe la mizani lenye muhuri. Kazi yake ni kukuambia kama mizani imebadilika tangu siku ile.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, fanya hivi:

1. Hakikisha meza haitikisiki na mizani imekaa sawa. Mizani nyingi zina kidude chenye povu la hewa. Povu likae katikati ya duara, na kama halikai, zungusha miguu ya mizani mpaka likae.
2. Ondoa sahani, futa chini yake na juu yake. Punje moja iliyokwama kati ya sahani na mwili wa mizani inaweza kubeba sehemu ya uzito.
3. Washa mizani ikiwa tupu, subiri dakika chache, na uone kwamba inasoma sifuri.
4. Weka chupa katikati ya sahani. Namba iwe ileile iliyoandikwa, au itofautiane kwa hatua moja tu ya mizani, ambayo katika mfano wetu ni gramu 5.
5. Sogeza chupa kuelekea kila pembe ya sahani, moja baada ya nyingine. Mizani nzima husoma karibu sawa popote mzigo ulipo. Ikiwa pembe moja inasoma tofauti kwa zaidi ya hatua moja, kuna kitu ndani kimepinda au kimelegea.
6. Ondoa chupa na uone kama mizani inarudi sifuri.

Zoezi hili huchukua muda mfupi kuliko kupanga magunia. Likifeli, usiendelee kuuza kwa mizani hiyo huku ukikisia tofauti kichwani. Badilisha betri kwanza, kwa kuwa betri inayokwisha huifanya namba iyumbe. Iondoe pia mahali penye upepo au feni. Kama bado inakosea, ipeleke kwa fundi aliyepewa leseni ya kutengeneza mizani. Usikubali fundi wa redio au wa simu aifungue. Baada ya kutengenezwa, mizani lazima ipimwe upya na afisa kabla haijarudi kazini, hata kama muhuri wa awali haujatimiza mwaka.

Wakati wa mchana, jizoeze kutazama namba kabla ya kuweka chochote. Katika mfano wetu, gramu 15 za punje zingeonekana kwa jicho moja, na kitambaa kingezimaliza.

Daftari la gunia

Chupa ya mchanga inakagua mizani. Daftari linakagua upimaji wote, pamoja na mfuko, sifuri na mkono wa msaidizi uliyemwachia duka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa muuzaji wa mizani jambo hili linaweza kuhesabiwa.

Turudi kwa muuzaji wetu. Amenunua gunia la mchele la kilo 50 kwa shilingi 8,000. Kabla ya kulifungua, analimimina kwa mafungu ambayo mizani yake inaweza kubeba, na anathibitisha kwamba mchele ni kilo 50 kweli, bila gunia lenyewe. Kisha kila anapouza anaandika kiasi. Akiuza kwa shilingi 180 kwa kilo, gunia likiisha anapaswa kuwa na shilingi 9,000 na faida ya shilingi 1,000 kabla ya gharama nyingine.

Gunia linapokwisha, daftari linasema ameuza kilo 51 na nusu. Mchele hauzaani ndani ya gunia. Hiyo kilo moja na nusu ni mifuko na punje za kwenye sahani ambazo wateja walizilipia kama mchele. Amepata shilingi 270 zisizo zake, na hayo ni mauzo ya kilo moja moja. Kama wateja wake wote wangekuwa wa robo, daftari lingeonyesha kilo 56 na zaidi kutoka kwa gunia la kilo 50.

Sasa chukua upande wa pili. Daftari linasema kilo 48 na nusu. Hapa mizani inasoma pungufu, au kuna mchele uliomwagika, au msaidizi anapima kwa ukarimu kupita kiasi. Muuzaji amepoteza shilingi 270, na faida yake imeshuka kutoka 1,000 hadi 730. Wako wafanyabiashara wanaofunga duka wakidhani bei ya soko imewaua, kumbe ni mizani.

Ndiyo maana mizani sahihi si jambo la kumlinda mteja peke yake. Daftari likikaribia kilo 50, tofauti ikiwa gramu mia moja au mia mbili za mchele uliomwagika, muuzaji anajua kwamba kila aliyeondoka kibandani pake aliondoka na haki yake, na kwamba yeye mwenyewe hakuibiwa.

Kuna tahadhari moja. Hesabu hii inafaa kwa mchele wa viwandani na nafaka zilizokaushwa vizuri. Maharagwe au mahindi mabichi yakikaa dukani hupoteza maji. Gunia la kilo 50 za maharagwe yenye maji asilimia 18 likikauka hadi asilimia 14 litabaki na kilo 47 na gramu 700 hivi, bila mtu yeyote kuiba punje. Zaidi ya kilo mbili zimepaa hewani. Kwa hiyo unaponunua nafaka shambani, kata punje kwa meno, au tafuta kipima unyevu kwenye chama cha ushirika au ghala lililo karibu. Ukinunua maji kwa bei ya maharagwe, hasara hiyo isije ikakushawishi kuirudisha kupitia mizani.

Muhuri wa mwaka

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia biashara, yakiwemo masoko na utendaji wa haki katika biashara. Ndiyo sababu afisa wa vipimo unayemwona sokoni ni wa kaunti. Mawe anayotumia kupima mizani yako nayo hulinganishwa na yale ya kitaifa yanayotunzwa na Idara ya Vipimo na Mizani, ili kilo ya soko letu iwe kilo ileile ya soko la kaunti jirani.

Kila mizani inayotumiwa kibiashara hupimwa na kupigwa muhuri kila mwaka. Tangazo likitoka kwamba maafisa watakuwa kwenye soko lako, peleka mizani ikiwa safi, pamoja na sahani yake, waya au betri yake, na mawe yake yote kama ni ya mawe. Sahani ni muhimu, kwani mizani iliyopimwa na sahani moja kisha ikatumiwa na nyingine inaweza kukosea kwa tofauti ya uzito wa sahani hizo. Afisa ataweka mawe ya uzito unaojulikana, kuanzia mdogo hadi mkubwa, na kuyaweka pia pembeni mwa sahani. Ikifaulu, utalipa ada iliyowekwa, itapigwa muhuri, na utapewa cheti. Dai risiti, na uweke cheti mahali mteja anapoweza kukiona. Ikifeli, haitapigwa muhuri mpaka itengenezwe na irudishwe.

Mizani mpya kutoka dukani nayo inahitaji kupimwa kabla ya kutumika. Mizani ya kielektroniki husoma uzito kwa nguvu ya mvuto wa dunia, na mvuto huo ni mdogo kidogo kwetu karibu na ikweta. Mizani iliyorekebishwa kiwandani katika nchi za mbali kaskazini inaweza kusoma pungufu kwa gramu mbili au tatu kwa kila kilo inapofika hapa. Kwa upimaji wa kilo moja huenda usilione hilo. Kwa gunia utaliona.

Kabla ya kununua, tazama mambo mawili. La kwanza, mizani iwe ya aina iliyoidhinishwa kwa biashara. Zile ndogo za plastiki za kupimia unga wa keki nyumbani hazikutengenezwa kwa kazi hii, na afisa hatazipiga muhuri. Uliza ofisi ya vipimo ya kaunti kabla ya kutoa pesa. La pili, soma kibati cha mizani. Kimeandikwa Max, yaani uzito wa juu kabisa, na Min, yaani uzito wa chini ambao mizani inaweza kuaminika. Kwa kawaida mizani ya duka yenye hatua ya gramu 5 ina Min ya gramu 100. Ukiitumia kupima gramu 50 za iliki au dagaa, kosa dogo la hatua moja ni asilimia 10 ya bidhaa. Kwa vitu vidogo vya bei ghali, tafuta mizani yenye hatua ndogo zaidi.

Na gorogoro? Mkebe hupima ujazo, haupimi uzito. Gorogoro la mahindi makavu na gorogoro la mchele hayana uzito sawa, na mkebe uliobonyezwa chini au uliokatwa mdomo hauna uzito unaojulikana. Mkebe kama huo hauna muhuri. Kama wateja wako wamezoea gorogoro, mimina mbele yao mkebe uliojaa kwenye mizani, wasome ni kilo ngapi, kisha uuze kwa kilo hizo.

Lebo isiyoficha

Mizani inasema ni kiasi gani. Lebo inasema ni nini, na kwa bei gani. Vyote viwili vikiwa kweli, mteja hana sababu ya kukushuku.

Anza na kibao cha bei. Andika aina ya bidhaa na bei ya kilo moja, kisha bei ya nusu na ya robo. Mchele wa shilingi 180 uwe 90 kwa nusu na 45 kwa robo. Kama unauza robo kwa shilingi 50 kwa sababu ya gharama ya mfuko na kazi ya kupima, hiyo ni bei yako na una haki ya kuiweka, lakini iandikwe. Kupandisha bei waziwazi si kosa. Kuipandisha kupitia mfuko juu ya sahani ni kosa.

Kisha jina la bidhaa. Mchele wa pishori kutoka Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, unapendwa kwa harufu yake na huuzwa ghali kuliko mchele wa kawaida unaoagizwa kutoka nje. Tofauti hiyo ya bei ndiyo huwavuta wengine kuchanganya aina hizi mbili na kuandika pishori juu ya gunia. Mteja atakayepika atajua, kwa maana mchele wa nje hauna harufu ile. Kama unauza mchanganyiko, andika mchanganyiko na uweke bei yake. Maharagwe ya mwaka jana yaandikwe ya mwaka jana, kwa kuwa huchukua kuni nyingi na muda mrefu kuiva, na mama anayepika anahitaji kujua hilo kabla ya kulipa.

Kufungasha mapema kuna masharti zaidi. Ukipima mchele mteja akiwa mbele yako, macho yake ni ushahidi. Ukiufunga usiku na kuupanga rafuni, mteja hana anachokiona ila maandishi. Kila pakiti iandikwe jina la bidhaa, uzito halisi bila mfuko, jina na anwani ya aliyefungasha, tarehe ya kufungasha na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kwa unga na vyakula vilivyosindikwa, utahitaji pia nembo ya ubora ya KEBS kabla ya kupeleka bidhaa sokoni.

Katika kufungasha, tumia utaratibu huu. Pima mifuko kumi mitupu kwa pamoja kisha ugawanye kwa kumi, ujue mmoja ni gramu ngapi, kwani mfuko mmoja ni mwepesi mno kwa mizani yako. Tuseme ni gramu 8. Pakiti ya ndengu ya gramu 500 ikifungwa inapaswa kuwa na angalau gramu 508 ndani na nje. Kwa kuwa mizani yako ina hatua ya gramu 5, na ndengu huendelea kukauka, lenga 515. Baada ya kufunga fungu zima, chukua pakiti kumi kutoka sehemu mbalimbali na uzipime upya. Ikiwa hata moja iko chini ya 508, fungua zote za fungu hilo na uzijaze. Gramu hizo chache za ziada ni gharama ndogo kuliko kuitwa na afisa akiwa na pakiti zako mezani.

Kwa mnunuzi

Una haki ya kuona uso wa mizani. Kabla muuzaji hajaweka chochote, itazame kama inasoma sifuri. Mizani ya kuning'inia isome ukiwa umeikabili kwa usawa wa macho, kwa maana ukiitazama kutoka chini au pembeni mshale huonekana umesogea. Tazama mkono wa muuzaji usiguse sahani, na mzigo usiegemee ukuta au kioo. Ukiwa na shaka, mwombe kwa heshima aondoe kila kitu apime tena, au kapime kwa jirani mwenye muhuri. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa.

Ukiamini kwamba umepunjwa, usianze ugomvi sokoni. Hifadhi bidhaa ilivyo, na kama ni pakiti usiifungue. Weka risiti au ujumbe wa malipo ya simu, andika siku, saa na namba ya kibanda, kisha upeleke taarifa kwa ofisi ya vipimo ya kaunti au kwa msimamizi wa soko. Afisa ana mamlaka ya kuingia mahali pa biashara, kupima mizani, kununua bidhaa kwa majaribio na kuchukua mizani isiyo ya haki. Anayepatikana akitumia mizani ya uongo hufikishwa mahakamani, na adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili.

Kwa muuzaji, kazi ya kesho asubuhi ni fupi. Futa sahani, weka chupa ya mchanga, soma namba. Pima mfuko wako mtupu ujue gramu zake. Gunia linalofuata, fungua ukurasa mpya wa daftari, na uone litaisha kwa kilo ngapi.